Barua kwa Wanagenzi Mnaokaribia Kumaliza Muda

Wanangu,

Ijumaa iliyopita, nikiwa katikati ya kufunga hesabu za mwezi, nilipigiwa simu na mtu nisiyemfahamu, akajitambulisha kuwa ni mjomba wa kijana aliyefanya uanagenzi katika idara yetu. Alinisalimu kwa heshima, akaulizia afya yangu na ya watoto, kisha akaniambia kwamba mpwa wake ni mtoto mzuri na kwamba anaomba nimtazame kwa jicho la huruma. Kijana huyo nilikuwa namkumbuka vizuri. Wiki mbili za mwisho alikuwa akifika saa nne na kuondoka saa nane, akisema kwamba anashughulikia ripoti ya chuo. Siku ya kuagana, mbele ya watu wote, huku tumeshika vikombe vya chai, alimuuliza mkurugenzi kama anaweza kurudi Jumatatu akiwa mwajiriwa. Mkurugenzi alicheka, akasema, "Tutaangalia." Tangu siku ile nimepokea ujumbe wake kumi na mmoja, na sasa nimepokea mjomba.

Mimi ni mhasibu, na mwaka huu natimiza miaka 31 katika kazi hii hapa Dar es Salaam. Ninawaandikia kwa sababu nimeuchoka mtindo huu, na kwa sababu najua kwamba kijana yule si mvivu wala hana adabu. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki zile mbili alizozitupa ndizo ambazo sisi wasimamizi huzikumbuka zaidi.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu asiye na kazi ya kuonyesha hana swali la kuuliza. Zikibaki wiki nne, usianzishe jambo jipya kubwa kwa nia ya kung'ara. Nimeona vijana wakijitolea kubuni mfumo mpya wa kutunza mafaili wiki ya mwisho, wakaondoka mfumo ukiwa nusu, nasi tukabaki na mafaili yaliyopangwa kwa namna mbili. Chukua kazi moja uliyokwisha kuizoea, uimalize, kisha uiache katika hali ambayo mtu mwingine anaweza kuiendeleza bila kukupigia simu. Najua mnaogopa kwamba ofisi ikiweza kwenda bila ninyi haitawahitaji. Nami nawaambia kwamba mtu anayeficha namna anavyofanya kazi ili ahitajike hutuachia mzigo, na hatumkumbuki kwa wema.

Niwape mfano wa binti mmoja aliyekuwa nasi kwa miezi sita. Kazi yake ilikuwa kupanga risiti za manunuzi kila mwezi kabla ya ritani ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mkinunua karatasi na vipuri vya shilingi 1,180,000, shilingi 180,000 ndani yake ni kodi ya asilimia 18, na kampuni iliyosajiliwa huweza kuitoa kodi hiyo katika ile inayodaiwa, mradi iwe na risiti halali ya mashine ya EFD inayoonyesha kwamba mnunuzi ni kampuni hiyo. Binti aliona kwamba kila mwezi risiti kadhaa zinawekwa kando kwa sababu mtu aliyetumwa dukani hakutaja TIN ya kampuni. Sisi tulikuwa tunalijua hilo, tunalilalamikia, na tunaendelea.

Alichokifanya ni kidogo, lakini alikifanya kwa mpangilio. Kwanza alinijia na risiti tatu tu, akaniuliza kama ameelewa sawasawa kwa nini zimekataliwa, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko kama angenijia na tangazo kwamba amegundua kosa la idara. Kisha, akiendelea na kazi zake za kila siku, aliorodhesha risiti zote za namna hiyo za miezi mitatu. Zilikuwa 14, jumla yake shilingi 8,260,000, na kodi iliyokuwa inatupotea ndani yake shilingi 1,260,000. Jedwali lake lilikuwa na tarehe, jina la muuzaji, namba ya risiti, kiasi, kasoro, hatua iliyochukuliwa na jina la anayefuatilia. Kwa idhini yangu aliwaandikia wauzaji, na tisa kati yao walifuata utaratibu na kurekebisha, tukaokoa shilingi 810,000. Waliobaki hawakujibu, naye hakuuficha ukweli huo. Aliandika "hajajibu" na tarehe mbili alizowakumbusha.

Wiki mbili kabla ya kuondoka aliandika ukurasa mmoja wa makabidhiano. Juu aliweka hatua za kazi kwa mfuatano wake, katikati akaeleza mahali yalipo mafaili, na chini akaweka sehemu aliyoiita "Yasiyokamilika". Kisha akaketi na mtunza fedha ndogondogo kwa nusu saa, akamwachia kikaratasi chenye jina la kampuni na TIN cha kumpa kila anayetumwa dukani. Siku tatu za mwisho hakufanya kazi ile kabisa. Alimwacha mtunza fedha aifanye, yeye akawa anamtazama, na kila palipomkwamisha mwenzake alirudi kuongeza sentensi katika ule ukurasa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina mtu mzima mbele yangu.

Si kila mmoja wenu atakutana na shilingi milioni moja iliyopotea, na wala msianze kuitafuta kwa kupekua kabati za watu. Kulinganisha leja na taarifa ya benki hadi tofauti ya mwisho ipate maelezo, au kumaliza hati za malipo zilizokosa viambatisho, kunatosha. Ila msiondoke na mafaili ya ofisi katika simu zenu ili kuyaonyesha kwingine. Mkitaka kuitaja kazi hiyo katika wasifu wenu, mwulizeni msimamizi ni nini kinaruhusiwa kuandikwa. Binti yule aliandika kwamba aliandaa ufuatiliaji wa risiti zenye kasoro, bila kutaja wauzaji wala kiasi, na ilimtosha.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, ambalo ndilo linalonipandisha presha. Mnauliza siku isiyofaa, kwa mtu asiyefaa, na mnaomba kitu ambacho aliyeombwa mara nyingi hana mamlaka ya kukitoa. Meneja hawezi kuzalisha nafasi kwa sababu amekupenda. Katika kampuni ambayo mwaka wake wa fedha huanza Januari, nafasi mpya hujadiliwa miezi ya mwisho ya mwaka pamoja na bajeti. Ukiuliza Februari, ukweli ni kwamba mlango umefungwa, isipokuwa mtu ameacha kazi. Katika mashirika yanayoendeshwa kwa miradi, nafasi hufuata fedha za mradi na hufa nazo. Katika ofisi za serikali, ambako mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, nafasi huhitaji kibali cha ajira, na kwa sehemu kubwa hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha waombaji husailiwa kwa ushindani. Kumng'ang'ania mkuu wa idara huko ni kumwomba avunje utaratibu. Mwulizeni badala yake cheo hicho huitwaje katika matangazo na kinataka sifa gani, kisha mjisajili mapema katika mfumo wa maombi huku vyeti vyenu vikiwa tayari.

Kwa hiyo ulizeni habari, msiombe kazi. Nendeni kwa msimamizi wa karibu, wiki mbili au tatu kabla ya siku ya mwisho, mkiwa wawili tu, na si tarehe 18 wakati watu wanahangaika na ritani. Yule binti aliniambia hivi, na niliyaandika maneno yake siku ileile: "Mama, nina swali moja kabla sijaondoka, na si lazima unijibu leo. Kazi ya hesabu za wagavi nimeipenda. Nafasi za ngazi ya chini hapa hutangazwa wapi, na kwa kawaida kipindi gani cha mwaka? Na hata kama hakuna, ningeomba uniambie ni jambo gani nilirekebishe." Sikubanwa popote. Ningeweza kujibu kwa ukweli bila kuona aibu, na nilijibu: mwaka huo hatukuwa na nafasi, na alikuwa anachelewa kuomba msaada anapokwama. Alishukuru. Hakunikumbusha kwamba amefanya kazi miezi sita kwa nauli tu, wala hakunieleza madeni ya nyumbani. Shida hizo ni za kweli, wanangu, nami nimezipitia, lakini ukimwekea mtu shida yako mezani pamoja na swali, umemlazimisha akuahidi au akukwepe, na wengi wetu hukwepa.

Mjifunze pia kusoma majibu. "Tutaangalia" si ahadi. "Bajeti bado" ina maana, na swali linalofuata ni, "Je, nikikuulizia baada ya bajeti kupita nitakuwa nakusumbua?" "Hatuna" inafungua ombi jingine lililo dogo na halali, yaani kumwomba awe mmoja wa wadhamini wako katika maombi ya kazi. Baadaye tuma ujumbe mmoja wa shukrani, na mwingine mmoja wakati uliotajwa ukifika. Usipojibiwa, basi.

Nisiwalaumu ninyi peke yenu. Sisi wenye ofisi tumewafundisha ujanja huu, kwa sababu mmeona watu wakiingia kwa simu za wajomba, na kwa sababu tunasema "tutaangalia" kwa wepesi ili tumalize chai yetu. Zipo ofisi zinazomwongezea mwanagenzi miezi mitatu, kisha mitatu tena, akichapa kazi ya mwajiriwa bila barua wala posho, akilishwa matumaini. Mkiombwa kubaki, ombeni kwa upole barua inayotaja tarehe ya mwisho, majukumu na posho. Anayekasirikia ombi hilo amekwisha kuwajibu.

Binti yule hatukumwajiri. Miezi minne baadaye mhasibu wa kampuni nyingine aliniuliza kama namfahamu kijana wa kushughulikia hesabu za wagavi, nikamsomea ule ukurasa wa makabidhiano kwenye simu, kwa kuwa ulikuwa bado umebandikwa ukutani kwa mtunza fedha. Alimwita kwenye usaili. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe.

Ninyi wawili mnaomaliza kwangu mwisho wa mwezi, nataka kurasa zenu za makabidhiano mezani kufikia Jumatano, sehemu ya "Yasiyokamilika" ikiwa imejazwa kwa ukweli. Alhamisi mchana nitakuwa na nafasi ya kuulizwa swali, mmoja baada ya mwingine, na mlango nitaufunga.

Mama yenu katika kazi.