Msiizibe kamera kwa sababu ya mvuke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye viwanda, na zaidi na mafundi wenzangu tunaofunga kamera za kugundua moto, juu ya jambo moja: ile tabia ya kufunika sehemu ya picha kwa kiraka kila kamera inapopiga kengele za uongo. Nimeifanya mwenyewe, na najua ilitugharimu nini.

Ilikuwa katika kiwanda cha sukari. Miwa ikishakamuliwa hubaki makapi, ambayo kiwandani tunayaita bagasi, nayo hurundikwa uwanjani ikisubiri kuchomwa kwenye boila. Bagasi inapotoka kwenye kinu cha mwisho, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na bado imebaki na sukari kidogo. Vijidudu huila sukari hiyo, rundo likapata joto kwa ndani, na kwa kuwa bagasi haipitishi joto vizuri, joto lenyewe linakosa pa kutokea. Likizidi, rundo huanza kufukuta tumboni muda mrefu kabla mtu hajaona mwali. Uwanja hauna dari, kwa hiyo vigunduzi vya moshi vya kubandika darini havina kazi pale. Ndiyo maana tulifunga kamera juu ya nguzo, zisizogeuka, na programu ya kuzitazama picha zake usiku na mchana.

Kamera ya nne ililitazama rundo kutoka kama mita 100. Upande wa kushoto wa picha palikuwa na bomba la boila linalotoa mvuke, na mbele ya rundo katapila lilipita kutwa likisukuma bagasi na kutimua vumbi. Wiki ya kwanza niliandika kila kengele kwenye daftari. Siku moja zilifika 37: mvuke 22, vumbi 14, na moja buibui aliyetanda utando mbele ya kioo. Moto, hakuna. Mlinzi wa zamu alikuwa ameshaacha kuinua macho.

Nikaambiwa nizime kelele hizo. Nikafungua mpangilio wa kamera, nikachora kiraka juu ya mvuke, nikaiamuru programu isiangalie chochote ndani yake. Ilikuwa saa 8 mchana, jua kali, na mvuke ulikuwa mfupi, unatoka mdomoni mwa bomba na kutoweka hapo hapo. Kesho yake alfajiri kengele zikarudi, maana hewa ikiwa baridi na yenye unyevu mvuke hauyeyuki upesi. Mkia wake ulikuwa umerefuka mara tatu. Nikakipanua kiraka. Kwa kukipanua nikaifunika kona ya kushoto ya rundo, na sikuliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu kona yenyewe ilikuwa ndogo kwenye kioo cha kompyuta.

Moto ulianzia kwenye kona hiyo. Baadaye tuliirudisha nyuma kanda ya kamera, tukaona uzi wa kwanza wa moshi saa 12 na dakika 40 asubuhi, mwembamba, wa kijivu, umesimama mahali pamoja. Kengele ililia saa 1 na dakika 33, moshi ulipotanda hadi nje ya kiraka. Dakika 53 kamera iliuona moto na programu haikuruhusiwa kusema. Hakuna aliyeumia, lakini ubavu wote wa rundo uliungua pamoja na mkanda wa kusafirishia bagasi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza programu ilipaswa kutazama nini badala ya kufumbwa macho. Jibu nililolipata ni kwamba moshi, mvuke na vumbi vinafanana sana ukivitazama kwenye picha moja, lakini havifanani kabisa ukivifuata kwa dakika moja.

Tuanze na mvuke wa bomba. Hutoka mahali panapojulikana, mweupe na mzito, kisha hukatika hewani kwa ghafla kwa sababu matone yake yanakauka. Moshi haukauki. Huchukuliwa na upepo ukizidi kupanuka na kufifia, na ukiufuata kwa macho huwezi kusema umeishia wapi. Kwa hiyo tulikiondoa kiraka, tukaweka alama ndogo kwenye mdomo wa bomba peke yake. Wingu ambalo shina lake liko kwenye alama hiyo na kichwa chake kinakatika hewani, programu inaliacha. Wingu ambalo shina lake liko kwingine linahesabiwa kama linavyohesabiwa popote uwanjani, hata likipita nyuma ya mvuke.

Vumbi nalo hujulikana kwa shina. Katapila likitembea, mahali vumbi linapoanzia panatembea nalo. Moshi unaweza kuyumba juu, lakini chini umefungwa mahali pamoja. Na vumbi lina umri. Nilikaa siku mbili na saa mkononi nikipima kila wingu la katapila tangu linapoinuka hadi linapotua, na karibu yote yaliisha kabla ya sekunde 25. Basi tukaitaka programu isubiri sekunde 40 shina likiwa palepale ndipo ipige kengele. Kwa moto unaofukuta kwa saa nyingi, sekunde 40 si hasara.

Hapa naomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wa mitambo hii hawaisemi. Kamera 12 zikikaguliwa mara moja kila sekunde, kwa siku ni ukaguzi 1,036,800. Programu inayokosea mara moja tu katika kila ukaguzi 100,000 inasikika kama hodari sana, lakini itakupa kengele 10 za uongo kila siku. Kudai ushahidi wa sekunde nyingi mfululizo kunapunguza makosa hayo, ila tu ikiwa muda wa kusubiri unauzidi umri wa vumbi la mahali penyewe. Ukisubiri sekunde 10 mahali ambapo vumbi linadumu 20, hujapunguza kitu. Kosa la sekunde ya kwanza ndilo lile lile la sekunde ya kumi. Namba hiyo haipatikani kwenye kitabu cha mtengenezaji. Inapimwa uwanjani.

Kuna mtego mwingine uliotusumbua. Programu za aina hii huweka kumbukumbu ya uwanja ulivyo siku zote, kisha huilinganisha na picha mpya. Kumbukumbu hiyo lazima ijirekebishe, la sivyo jua likisogea tu kengele italia. Lakini ikijirekebisha upesi mno, moshi unaoongezeka polepole humezwa ndani yake na kuonekana kama sehemu ya uwanja. Yetu ilikuwa ikisahau ndani ya sekunde tano hivi, na hilo linafaa kwa mwizi anayeruka ukuta, si kwa bagasi inayofukuta. Tukaweka mbili: moja ya sekunde chache na nyingine ya dakika 10. Kitu kilichobadilika mbele ya kumbukumbu ndefu huku ile fupi ikikiona ni cha kawaida ndicho tunachokishuku. Kivuli cha wingu la angani nacho hupita kwa namna hiyo, ila kivuli hutia giza tu na mistari ya bati la ukuta inabaki kuonekana, moshi huifuta. Palipokuwa hapana bati nyuma ya rundo tulisimamisha mbao zenye mistari myeupe na myeusi, na zimetusaidia kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu mwali wenyewe nitasema kwa ufupi. Mwali hucheza: wenye kitako cha sentimita 10 hucheza karibu mara tano kwa sekunde, na wa mita moja mara moja na nusu hivi. Kamera nyingi viwandani zimewekwa kurekodi picha tano kwa sekunde ili kuokoa nafasi ya diski, na kwa kasi hiyo mchezo wa mwali mdogo hauonekani sawasawa. Ziwekwe angalau picha 15. Kimulimuli cha katapila nacho huwaka na kuzima, lakini kwa mapigo yaliyo sawa, na mapigo ya mwali hayako sawa.

Kilichobaki kigumu ni mvuke wa rundo lenyewe. Asubuhi ya baridi bagasi mbichi hufuka mvuke, na mvuke huo hauna bomba wala alama ya kuwekwa. Tunachotegemea ni kwamba huo hutoka sehemu pana na kuisha jua linapopanda. Ukitoka mahali pamoja tu, au ukiendelea hadi saa 4, si wa kupuuzwa, kwa sababu bagasi inayopata joto ndani hutoa mvuke kwanza na moshi baadaye. Kwa hali hiyo king'ora hakilii. Mlinzi anapata ujumbe na picha, na mtu anatumwa na nondo. Nondo inachomekwa rundoni, inaachwa dakika 10, inachomolewa, na mkono uliovaa glovu unashika ncha yake. Ikiwa ya moto mno kushikika, katapila linaitwa kulifungua rundo maji yakiwa tayari. Hata kamera ya kupima joto haikuondolei kazi hiyo, maana nayo huona joto la juu ya rundo tu, si la tumboni.

Kengele zetu za uongo hazikufika sifuri. Wiki ya mwisho niliyohesabu zilikuwa mbili au tatu kwa siku, nyingi ni za ukungu wa alfajiri. Lakini mlinzi anainua macho kila moja inapolia.

Ombi langu ni kwa wakaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kwa yeyote anayekabidhiwa mtambo wa aina hii. Msiridhike na kengele inayolia fundi anapowasha karatasi mbele ya kamera. Mwambieni afungue ukurasa wa mpangilio na awaonyeshe viraka vyote, kamera moja baada ya nyingine, kisha mwende kusimama uwanjani penye kila kiraka muone kimefunika nini. Mchome bagasi yenye majimaji ndani ya pipa kwenye kona ya mbali kabisa, zimamoto wakiwa kando, mhesabu dakika. Na mje saa 12 asubuhi, mvuke ukiwa mrefu, si saa 8 mchana kama nilivyofanya mimi.

Fundi wa mitambo ya tahadhari ya moto,
Dar es Salaam