Barua kwa vijana mnaoacha kuchangia kimyakimya

Wanangu mlioanza kazi miaka ya karibuni, mkajaza kadi za ahadi kanisani na fomu za kulea mtoto kituoni,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Leo nina neno.

Mtu akiacha kutoa hajavunja amri. Kodi ya nyumba inapanda, mtoto anazaliwa, mkataba wa kazi unaisha, au moyo umeelekea kwenye shida nyingine. Hayo ni yako na Mungu wako. Kinachoniumiza ni namna mnavyoacha. Mnahamisha mshahara wote siku unapoingia ili benki ikose cha kukata. Simu ya mhazini inaita hadi inakatika. Mnatoka kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, kisha mkimwona mama yule sokoni mnapita uchochoro mwingine. Mtu aliyewafundisha Sunday school! Mnamkimbia kwa sababu ya shilingi elfu thelathini ambazo hajawahi hata kuwadai kwa ukali.

Hebu tazameni daftari lake. Jina lako lina safu ya miezi kumi na miwili. Januari hadi Aprili kuna alama ya vema. Mei wazi, Juni wazi. Aandike nini? Umesafiri? Unaumwa? Benki imekosea? Kwa kuwa hajui, anaendelea kukuhesabu. Watu kumi wa elfu thelathini ni laki tatu kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo kituo kinachukua unga na maharage dukani kwa mkopo. Mkinyamaza watatu, tisini elfu haipo, na deni linabaki kwa mwenye duka. Ungesema mwezi wa tatu kwamba wa sita ndio wa mwisho, angekuwa na miezi mitatu ya kutafuta mtu wa kushika nafasi yako. Anachohitaji kwako ni tarehe.

Basi anza na tarehe. Kama unamlipia mtoto shule, fuata kalenda ya shule. Hapa Tanzania mwaka wa masomo unaanza Januari, kwa hiyo Desemba ni mahali pazuri pa kukoma, ukiwa umetoa taarifa Septemba. Ukishindwa kufika huko, maliza muhula. Ukiacha mwezi wa nne, mtoto yuko katikati ya muhula na hakuna aliyejipanga. Tena usimwambie mtoto wewe mwenyewe kwa barua au simu. Mwachie mlezi wa kituo, kwa sababu yeye atakuwepo mtoto atakapouliza amekosa nini.

Ahadi ya ujenzi ina hesabu yake. Tuseme uliahidi laki sita kwa mwaka, elfu hamsini kila mwezi. Umetoa Januari hadi Julai, yaani laki tatu na nusu. Imebaki laki mbili na nusu. Ukikaa kimya, kiasi hicho kitasomeka kama bakaa, kitahamia mwaka ujao na kukufuata. Nenda kwa mhazini, mpitie pamoja kadi yako na daftari lake, kisha mwombe aandike kwamba ahadi imerekebishwa kuwa laki tatu na nusu na imekamilika. Aweke tarehe na sahihi. Wengi hawajui kwamba ahadi inarekebishika, wanadhani ni kulipa au kutoroka. Zaka na sadaka ya Jumapili ni mambo mengine, usiyachanganye katika mazungumzo hayo.

Sema kwa mdomo kwanza, halafu andika. Barua iwe fupi:

"Mhazini, Bwana asifiwe. Nimekuwa nikichangia kituo shilingi 30,000 kila mwezi. Mchango wangu wa mwisho utakuwa wa Desemba. Hali yangu ya matumizi imebadilika. Nashukuru kwa kunishirikisha kazi hii. Naomba unijulishe ukipata barua hii."

Sababu moja, sentensi moja. Usidanganye kwamba umeachishwa kazi. Jumamosi utawaona akina mama wa jumuiya mlangoni na kilo mbili za sukari na mchele kwenye kanga, wamekuja kukufariji, nawe umevaa sare za kazini. Usiandike pia "nikipata nitarudi" kama humaanishi, maana mhazini ataliandika hilo kwa penseli pembeni na kulisubiri. Na kama una shaka na matumizi ya fedha, liulize kwenye mkutano wa mwaka inaposomwa taarifa ya mapato na matumizi. Ukiliweka kwenye barua ya kuaga linageuka tuhuma, na hakuna atakayekujibu kwa utulivu.

Mchungaji au katibu anaweza kukwambia, "Basi hata elfu kumi." Jibu la heshima ni, "Nashukuru, lakini nimeamua nisimame kabisa kuanzia Januari." Lirudie kwa sauti ileile. Ukikubali elfu kumi kwa aibu, mwezi wa pili utaanza tena kujificha.

Sasa benki, maana hapo ndipo watu wema wanaharibikiwa. Agizo la kudumu, lile la kukata mchango kila mwezi, ulilitoa wewe kwa benki yako, hivyo benki yako ndiyo italisimamisha. Kumwambia mhazini peke yake hakutoshi, hana kitufe cha kulizima. Nenda tawini angalau wiki moja kabla ya siku ya makato, andika namba ya akaunti yako, jina la mpokeaji, kiasi, siku linapokatwa na tarehe ya malipo ya mwisho. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuacha akaunti bila salio hakufuti agizo. Linabaki hai, benki inaweza kukutoza kwa malipo yaliyoshindikana, na siku mshahara unapolala kwenye akaunti pesa inaondoka. Anayetoa kwa kadi kwenye tovuti ya shirika ni kinyume, shirika ndilo linalovuta, kwa hiyo azime kwao na atunze ujumbe wa uthibitisho. Kubadilisha kadi si kinga, kuna mifumo inayosasisha namba mpya yenyewe.

Miezi miwili inayofuata, tazama taarifa ya akaunti. Malipo yakiponyoka, mpigie mhazini kabla ya kwenda kulalamika benki. Akiambiwa mapema, kabla pesa haijatumika, kurudisha ni jambo la siku chache.

Kundi la WhatsApp la wachangiaji lina adabu yake pia: aga, subiri wiki, ndipo utoke. La jumuiya baki.

Na nyie wazee wenzangu, nisiwafiche. Vijana wanakimbia kwa sababu kuna mahali majina ya wenye bakaa yanasomwa mbele ya usharika, na kuna mahali kadi ya mchango inaulizwa wakati maiti iko ndani. Mfiwa anaulizwa risiti! Kijana aliyeona hayo kwenye msiba wa shangazi yake hatakuja ofisini kusema ameishiwa. Tumemfundisha wenyewe kujificha. Ongezeni mstari mmoja kwenye kadi ya ahadi, "Ukihitaji kupunguza au kusimamisha, mwone mhazini," na muandike siku anazokuwepo.

Ninyi mliokwisha kunyamaza tangu Mei, barua ileile inafaa. Badilisheni tu sentensi ya tarehe: "Mchango wangu wa mwisho ulikuwa wa Aprili. Nisamehe kwa kuchelewa kusema." Mpelekeeni mhazini mkononi wiki hii, ili safu zile ziandikwe kitu.

Mzee wenu