Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Grafu ya Shaba na Hisa Ambazo Hatukununua

Ndugu wanachama,

Mahesabu mnayo mkononi na mweka hazina atayapitia ukurasa kwa ukurasa. Michango imekwenda vizuri, waliochelewa wamelipa faini zao, na mikopo miwili iliyokuwa ikitusumbua imefungwa. Mimi nataka kuzungumzia jambo la mwezi Mei, maana wengi mmeniuliza hapa Mbeya na hata njiani: kwa nini tuliacha kununua hisa za migodi ya shaba wakati bei ilikuwa inapaa?

Pendekezo la kuzinunua lilikuwa langu, nakiri. Sisi tunaokaa barabara ya Tunduma tunaziona shehena za shaba ya Zambia zikishuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mtu akiona malori mengi huamini dunia ina njaa ya shaba. Tena shaba imo kwenye nyaya za umeme, mota, transfoma na mabomba, kwa hiyo viwanda vikichangamka huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuagizwa. Zaidi ya nusu ya shaba ya dunia hutumiwa na China. Ndiyo maana watu huitazama grafu yake kama daktari anavyoshika mshipa wa mgonjwa. Tarehe 20 Mei bei katika Soko la Metali la London ilipita dola 11,000 kwa tani, rekodi ya wakati ule. Nikasema, basi tuingie.

Mweka hazina wetu, ambaye mnajua ameuza viazi Mwanjelwa miaka mingi, akaniuliza swali moja: "Mwenyekiti, maghala yana mzigo au hayana?" Akaeleza kwamba viazi vikipanda bei huku stoo zikiwa tupu, kuna walaji. Vikipanda huku stoo zimejaa, kuna mtu ameshikilia mzigo akisubiri bei.

Tukaenda kuangalia. Maghala ya Shanghai yalikuwa yamejaa kuliko kawaida ya msimu ule. Viwanda vya China, vilipoona bei hiyo, vilipunguza manunuzi, na ile nyongeza ambayo waagizaji wa huko huilipa juu ya bei ya London ilishuka hadi sifuri. Kisha tukalinganisha bei mbili zinazotangazwa kila siku: ya shaba ya kuchukuliwa sasa hivi na ya kuchukuliwa baada ya miezi mitatu. Ya sasa hivi ilikuwa chini kwa zaidi ya dola 100. Mwenye kiwanda kinachosubiri malighafi hukubali kulipa zaidi apewe leo. Hapa hakuna aliyekuwa na haraka. Walioisukuma bei ni wawekezaji waliotarajia upungufu wa baadaye, pamoja na wale wa New York waliokuwa wameuza shaba wasiyokuwa nayo na sasa wakalazimika kuinunua ili kufunga mikataba yao.

Mwanzoni mwa Agosti bei ilikuwa chini ya dola 9,000, na akiba katika maghala ya Soko la London ikaendelea kupanda mwezi huo hadi kuzidi tani 300,000.

Sasa upande wa hisa, ambako hasara ingetuuma zaidi. Chukueni mgodi wa mfano unaotumia dola 6,000 kuzalisha tani moja. Bei ikiwa 9,000, unabaki na 3,000. Bei ikishuka asilimia kumi tu, hadi 8,100, unabaki na 2,100: faida imepungua asilimia 30. Hisa huifuata faida, kwa hiyo huyumba kuliko shaba yenyewe. Bei ikipanda, hesabu hiyohiyo humpendeza mwenye hisa, na hapo ndipo tamaa huanzia (yangu ikiwemo).

Na kuna wakati hisa na grafu huachana kabisa. Kampuni ya First Quantum, yenye migodi mikubwa Zambia, ilikuwa pia na mgodi wa Cobre Panamá. Baada ya maandamano makubwa, Mahakama ya Juu ya Panama iliutangaza mkataba wake kuwa kinyume cha katiba tarehe 28 Novemba 2023, na mgodi ukafungwa. Kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Novemba hisa zake zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, ilhali shaba ilipanda kidogo. Mgodi ule ukisimama, soko linakosa shaba, na bei inasaidiwa na msiba wa mwenye mgodi. Aliyetazama grafu pekee angedhani kampuni inafanikiwa.

Kwa hiyo fedha zile bado ziko kwenye hatifungani za serikali. Kamati inaomba idhini yenu kwamba pendekezo lolote la hisa za migodi liletwe likiwa na karatasi tatu: akiba ya maghala kwa miezi sita, tofauti ya zile bei mbili, na gharama ya kampuni kwa kila tani. Mweka hazina ameongeza ya nne, orodha ya nchi iliko migodi yenyewe. Kura itapigwa baada ya chai.