Hizo hatua unazila mara mbili

Mwenzangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikaona hili silijibu kwa mistari miwili. Unasema hatua elfu 8 kila siku unazifikisha, kalori unahesabu, na mizani imeganda palepale wiki ya 5 sasa. Mi naona tatizo liko kwenye hesabu, maana mwaka jana na mimi ilinikwamisha hivyohivyo na iliniuma sana.

Ile programu ilipokuuliza maisha yako yakoje ulichagua "natembea kiasi", si ndio? Basi hapo hatua zako zimeshaingizwa kwenye lengo la kalori. Halafu jioni simu inakwambia umechoma 320, unaongeza chakula cha 320, kumbe hatua zilezile unazila mara mbili.

Fanya hivi. Kwa kilo zako 78, sentimita 165 na miaka 34, mwili ukipumzika tu unatumia kama kalori 1,480 kwa siku, zidisha kwa 1.2 ambayo ni ya mtu wa kushinda kwenye kiti, unapata kama 1,780. Humo tayari mna zile hatua za jikoni, chooni, kwenda kikaoni na kurudi, tuseme elfu 3, hata siku ya kazi usipotoka kutembea unazifikisha. Kwa hiyo za kuhesabu ni elfu 5 zilizobaki, kama kilomita 3 na nusu kwa urefu wako, na kila kilomita inakula kama 40 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Jumla 140. Simu inasema 320 kwa sababu inahesabu hatua zote tangu ulipoamka, na inachanganya hata kalori ambazo ungezitumia ukiwa umekaa tu.

1,780 na 140 ni 1,920, toa 400 ili upungue, lengo lako liwe 1,520 kila siku na jioni usiliguse hata simu ikisema nini.

Ila wikendi iangalie, maana siku mbili za hatua elfu 2 zinashusha wastani wako wa wiki mpaka kama 6,300, na lengo limepigwa kwa elfu 8. Na simu ukiiacha kwenye chaji mezani ukaenda kula haihesabu kitu, iweke mfukoni.

400 kwa siku ni kama theluthi ya kilo kwa wiki, maji tu mwilini yanaweza kuificha, hasa siku zako zikikaribia, kwa hiyo pima kila asubuhi kabla hujala halafu linganisha wastani wa wiki na wiki. Zikipita wiki 3 bila kushuka punguza 100 kwenye chakula, maana hatua elfu 2 zaidi zitakupa kama 55 tu.

Jumapili jioni nitumie wastani wa mizani na wa hatua, tupige hesabu pamoja.

Wako wa siku zote