Tezi imezidi, au ni vidonge vya kupunguza mwili?

Mteja wetu mmoja, fundi cherehani wa hapa Mtwara mjini, alikuja maabara na fomu ya daktari: moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, kilo 7 zimepungua kwa miezi miwili. Alipokuwa anasubiri tulimwomba anyooshe mikono, tukamwekea karatasi juu ya vidole. Ikawa inatetemeka. "Siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano naomba msaada," akasema.

TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi kufanya kazi, ilisoma chini ya 0.01. T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa 48, na kwa mashine yetu kawaida haivuki 22. Ukiishia hapo utasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Lakini hakuwa na rovu, wala macho hayakumtoka. Hilo peke yake halitoshi, maana wapo wagonjwa wa kweli wasio na dalili hizo. Tulimpigia daktari wake, naye akaagiza thairoglobulini.

Hii ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, na ndani yake ndimo homoni inamoundwa. Kidonge cha homoni ya tezi hakina. Anayemeza homoni, ubongo wake huona imejaa, huzima TSH, tezi inalala na thairoglobulini inashuka. Tezi inayochapa kazi kwa ugonjwa, au iliyovimba na kuvujisha homoni, huiachia kwa wingi. Ya dada huyu ilikuwa chini ya 1.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya watu wana kingamwili dhidi ya thairoglobulini, nazo huweza kuishusha namba kwa uongo. Ndiyo maana tunavipima vyote viwili pamoja, na ukiletewa jibu la kimoja tu, uliza cha pili kiko wapi. Kingamwili zake hazikuwepo.

"Dada, hakuna dawa yoyote unayomeza?"

"Hakuna."

"Hata ya kupunguza mwili?"

Akafungua pochi. Kulikuwa na kifuko cha nailoni, vidonge vyeupe visivyo na jina. Shoga yake alimpa kwa ajili ya harusi, na pakiti ya mwanzo, aliyokuwa ameihifadhi nyumbani, ilisema levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, mikrogramu 100. Alimeza 3 kwa siku. Mtu wa kilo 70 asiye na tezi kabisa hutosheka na kama mikrogramu 110 kwa siku.

Kabimazoli isingemsaidia: inaizuia tezi kutengeneza homoni, na hapa tezi ilikuwa imelala. Daktari alisimamisha vidonge, akampa propranololi ya kutuliza moyo. Nusu ya T4 huondoka mwilini kwa siku 7 hivi, kwa hiyo nafuu huja polepole. Baada ya wiki 6 T4 yake ilikuwa 15, TSH imeanza kupanda. Kilo zilirudi pia, na hilo lilimuudhi kuliko vipimo vyote. Sehemu ya zile zilizopungua ilikuwa misuli, si mafuta.

Ukija kupima tezi, njoo na kila unachomeza, hata kile cha kwenye nailoni. Mapokezi hatuulizi mbele za watu. Kuna chumba cha pembeni.