Malalamiko kuhusu vipimo na uzito wa mabamba ya kitako cha nguzo

Kwa Meneja,
Idara ya Usanifu.

Ndugu Meneja,

YAH: MCHORO WA BAMBA LA KITAKO ULIOTOLEWA NA VIPIMO VISIVYO SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika kulalamikia mchoro mliotukabidhi pamoja na faili la modeli la SolidWorks, kwa ajili ya mabamba 40 ya kitako cha nguzo za taa. Mhandisi wenu ametujibu kwa simu kwamba namba zote zimetoka kwenye programu, hivyo haziwezi kuwa na kosa. Tumelifungua faili lenu wenyewe na kulipima upya. Modeli iko sawa. Kilichokosewa ni namna ilivyopimwa.

Bamba ni la milimita 300 kwa 200, unene 20. Lina matundu manne ya boliti yenye kipenyo cha milimita 22, na tundu moja la milimita 80 katikati la kupitishia nyaya. Mchoro wenu unaonyesha umbali wa katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani kuwa 218 kwa urefu na 118 kwa upana. Mchoro wa msingi wa zege, ambao nao ni wenu, unaweka boliti kwenye 240 na 140. Tulitoboa kwa kufuata mchoro wa bamba, na hakuna bamba hata moja lililoingia kwenye boliti.

Chanzo chake kinaonekana wazi. Toa 218 kwenye 240, unabaki na 22. Toa 118 kwenye 140, unabaki na 22 tena, yaani kipenyo cha tundu. Aliyepima alifungua `Measure`, akabofya kingo za matundu mawili, huku kitufe cha kupimia duara kikiwa kwenye `Minimum Distance`. Hapo programu hutoa umbali kutoka ukingo hadi ukingo ulio karibu zaidi. Ukiweka `Center to Center`, kingo zile zile zinasoma 240. Ukiweka `Maximum Distance`, zinasoma 262. Majibu yote matatu ni ya kweli, ila moja tu ndilo fundi analohitaji kwenye mchoro. Njia nyepesi ya kujihakikishia ni kupima matundu ya pembe zinazotazamana: kwa 240 na 140, mshazari lazima usome 277.85.

Mmependekeza tutoboe matundu mapya kando ya yale ya zamani. Hilo haliwezekani. Kila tundu linatakiwa lisogee milimita 11 kwa urefu na 11 kwa upana, maana yake kitovu chake kihame kwa milimita 15.6 hivi. Umbali huo ni mdogo kuliko kipenyo cha 22, kwa hiyo tundu jipya litaingiliana na la zamani na biti ya drili itavutwa upande wenye uwazi. Kulipanua tundu nako hakusaidii, kwa sababu boliti ni M20 na nafasi iliyoachwa ni milimita 2 tu. Njia zilizobaki ni kujaza kwa kuchomelea, kusaga hadi uso uwe sawa na kutoboa upya, au kukata mabamba mengine. Kwa kitako kinachobeba nguzo, sisi hatukubali kujaza kwa weldi.

Kosa la pili ni uzito. Jedwali la mchoro linasema bamba moja lina kilo 1.07. Mtu yeyote aliyewahi kunyanyua chuma cha unene huo angeshtuka kabla hajashika kompyuta. Ujazo ulioonyeshwa na `Mass Properties` ni milimita za ujazo 1,069,058, na huo ni sahihi: bamba zima ni 1,200,000, matundu manne yanaondoa 30,411 na lile la katikati 100,531. Ukizidisha ujazo huo kwa densiti ya chuma laini, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, unapata kilo 8.39. Mizani yetu inakubaliana na hesabu hiyo.

Kilo 1.07 ni uzito wa bamba la maji. Kwenye mti wa modeli yenu pameandikwa `Material <not specified>`, na programu isipopewa malighafi hutumia densiti iliyowekwa kwenye faili, ambayo kwa kawaida ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Onyo lilikuwepo kwenye dirisha lile lile, ila lilifichwa na desimali. Densiti ikionyeshwa kwa gramu kwa milimita ya ujazo na desimali mbili, ile ya maji husomeka 0.00, ya alumini nayo 0.00, na ya chuma 0.01. Ingieni `Options` ndani ya dirisha hilo, ongezeni desimali au tumieni kilo na mita, ndipo namba hiyo itakuwa na maana. Kisha bofyeni malighafi kwa kitufe cha kulia, chagueni `Edit Material` na mweke `ASTM A36 Steel`. Tumeangalia pia `Override Mass Properties`: hakuna uzito uliolazimishwa kwa mkono, kwa hiyo sababu ni hiyo moja.

Kwa mabamba 40, tofauti ni kati ya kilo 43 na kilo 336. Makadirio yenu ya usafiri yalifanywa kwa namba ya kwanza. Tunawakumbusha pia kwamba uzito wa modeli ni wa bamba lililokwisha kutobolewa. Chuma tunanunua kabla ya kutoboa, kilo 9.42 kwa kila kipande.

Uzito sahihi, hata hivyo, usitumike kuthibitisha matundu. Bamba lililotobolewa kwa 218 na lile la 240 yana ujazo mmoja, uzito mmoja na kitovu cha uzito kilekile. Mizani haiwezi kuyatofautisha.

Kuhusu rangi, mmeandika mita za mraba 0.0535 kwa bamba. Hilo ni eneo la uso mmoja, kama linavyosomwa na `Measure` mtu akibofya uso wa juu peke yake. Eneo zima kwenye `Mass Properties` ni 0.1375, ambalo linajumuisha kuta za matundu. Kama kuta hizo hazipakwi, toeni 0.0106.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo yafanyike ndani ya siku 14. Mtoe toleo jipya la mchoro lenye 240 na 140, malighafi, densiti iliyotumika, uzito na eneo zima, na lile la zamani lifutwe rasmi. Mgharamie chuma na kazi ya mabamba 40 mapya, tukikata thamani ya skrepa ya yale yaliyoharibika. Na faili la STEP mtakalotuma liambatane na densiti iliyoandikwa, kwa kuwa faili la aina hiyo mara nyingi hufika bila malighafi na kurudisha tatizo lile lile upande wetu.

Mabamba yaliyotobolewa tumeyatenga karakanani. Mtu wenu anaweza kuja kuyapima kwa vernia wakati wowote wa kazi.

Wenu katika kazi,

Fundi Mkuu,
kwa niaba ya karakana