Barua ya wazi kwa wanakamati wa vyama vya akiba na mikopo: kabla hamjamlipa muuzaji wa mfumo

Wanangu mnaoongoza vyama vya akiba na mikopo,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Ninachokiona kwenye kamati zenu kinajirudia hata kinachosha. Muuzaji wa mfumo wa kompyuta anakaribishwa kikaoni, anawasha projekta na kuonyesha picha za grafu zinazopanda. Anasema mfumo wake "unafanya kila kitu", kisha anamalizia kuwa punguzo la bei linakwisha Ijumaa. Jumatatu kamati imeshalipa nusu. Miezi sita baadaye karani bado anaandika leja ya karatasi, kompyuta imefunikwa kitambaa, na wanachama wanaambiwa wavumilie.

Fedha hizo si zenu. Ni za mama aliyeweka akiba kidogo kidogo, na atakapouliza salio lake ana haki ya kupewa jibu sahihi siku hiyo hiyo.

Muuzaji akishamaliza maelezo yake, msimjibu ndiyo wala hapana. Mjibuni kwa barua fupi ya namna hii:

"Ndugu, tumepokea maelezo yako na tunakushukuru. Kabla kamati haijajadili ununuzi, tunaomba mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, siku ya onyesho la saa mbili ambapo karani wetu ndiye atakayetumia mfumo, kwa mifano tutakayokuletea. Pili, majina ya vyama vitatu vinavyoutumia sasa, kimojawapo kwa zaidi ya miaka miwili, na ruhusa ya kuzungumza navyo bila wewe kuwepo. Tatu, mchanganuo kamili wa bei kwa miaka mitano, kila kitu kwenye mstari wake. Hatutafanya malipo yoyote ya awali kabla ya hayo."

Barua hiyo haimtukani mtu. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri ataifurahia, maana inampa nafasi ya kuwashinda wale wanaouza maneno matupu.

Sasa nikae kwenye onyesho, kwa sababu hapo ndipo mnapodanganywa zaidi, na mnadanganywa mkiwa macho. Onyesho analoliandaa muuzaji mwenyewe hutumia kompyuta yake, wanachama wa kubuni ishirini, na mikopo inayolipwa kikamilifu kila tarehe moja. Hakuna chama duniani chenye wanachama wa aina hiyo. Mfumo wa namna yoyote utaonekana mzuri mbele ya mkopaji asiyechelewa. Ubora wake hujulikana pale mtu anapolipa pungufu, au karani anapokosea.

Chukueni basi mkopo mmoja wa mfano. Mwanachama amekopa 120,000 kwa miezi 12, riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na kila mwezi anarudisha 10,000 ya mkopo wenyewe pamoja na riba. Kabla hamjaenda, pigeni hesabu kwa kalamu. Mwezi wa kwanza riba ni 1,200, wa pili 1,100, wa tatu 1,000, hadi wa mwisho 100. Jumla ya riba ni 7,800. Karani auingize mkopo huo kwenye mfumo mbele yenu. Mkiona jumla ya riba ni 14,400, mfumo umetoza 1,200 kila mwezi kana kwamba mwanachama hajarudisha chochote. Mwambieni muuzaji pale pale abadilishe mpangilio wa riba, na abadilishe mkiwa mnatazama. Akisema "hilo tutalirekebisha mkishanunua", andikeni kwenye karatasi yenu kwamba limeshindikana.

Endeleeni na mkopo huo huo. Miezi miwili ya kwanza imelipwa vizuri, salio ni 100,000. Mwezi wa tatu anatakiwa kulipa 11,000, lakini ameleta 6,000. Kama kanuni zenu zinasema riba hulipwa kwanza, 1,000 iende kwenye riba na 5,000 ipunguze mkopo, salio libaki 95,000. Na kama riba yenu hutozwa kwenye salio halisi, mwezi wa nne itakuwa 950. Mfumo mbovu utajionyesha hapa kwa njia moja kati ya tatu. Huenda ukakataa kabisa kupokea pesa pungufu ya rejesho. Huenda ukapeleka 6,000 yote kwenye mkopo na kuiacha riba ikining'inia. Au, na hili ndilo la hatari kwa sababu halionekani upesi, utaendelea kutoza 900 mwezi wa nne kwa kufuata ratiba ya zamani, kana kwamba salio ni 90,000. Hamsini si pesa nyingi. Ikizidishwa kwa mikopo mia tatu na miezi kumi na miwili, hesabu zenu hazitakubaliana tena na leja, na hakuna atakayejua kosa lilianzia wapi.

Kisha mfanyeni karani akosee kwa makusudi. Aingize malipo ya mwanachama mmoja kwenye akaunti ya mwingine, halafu aombwe kusahihisha. Mfumo mzuri haumruhusu kufuta. Unamfanya aandike muamala wa kulitangua kosa, na vyote viwili vinabaki vikionekana, pamoja na jina la aliyefanya, tarehe na saa. Mfumo unaoruhusu muamala kupotea bila alama ni mlango wa wizi, hata kama leo karani wenu ni mwaminifu. Mkaguzi akija hatakuwa na cha kufuata.

Mwisho wa onyesho, ombeni urari wa siku hiyo. Debiti na krediti zilingane, na jumla ya salio za wanachama mmoja mmoja iwe sawa na salio la akaunti kuu ya mikopo. Visipolingana kwa mikopo michache mliyoingiza kwa mkono, havitalingana kwa mia tatu.

Mifano hii mpelekeeni muuzaji wiki moja kabla, ajiandae. Ila bakizeni mmoja msiomwonyesha. Mkichukua mifano kutoka kwenye leja yenu halisi, badilisheni majina na namba za wanachama kwanza, kwa sababu madeni ya watu si ya kuonyeshwa wageni. Na muuzaji akisema jambo fulani "linakuja kwenye toleo lijalo", lihesabuni kuwa halipo. Mnanunua kilichopo mezani, si mbuzi kwenye gunia.

Najua kinachowazuia kuuliza haya. Tumelelewa kuona kwamba kumhoji mgeni aliyevaa vizuri ni utovu wa adabu, na kwamba anayeuliza maswali ya hesabu mbele ya watu anaonyesha ujinga wake. Mzee wa kamati haelewi kompyuta, anaona haya kusema hivyo, basi anatikisa kichwa, na vijana wanaona haya kumpita mzee. Muuzaji anaijua haya hiyo, na anaitumia. Tena wapo wauzaji wanaomtafuta mwenyekiti pembeni na kumwahidi "asante" yake. Mwenyekiti anayeipokea ameshauza nafasi yenu ya kuhoji, na kila swali mtakalouliza baadaye litazimwa na yeye mwenyewe. Ndiyo maana barua ya maombi iandikwe na kamati nzima, na majibu yasomwe kikaoni, yaingie kwenye muhtasari. Haya yetu isilipiwe na akiba za wanyonge.

Kuhusu wateja wa kuulizia, msiridhike na barua za sifa. Muuzaji hawezi kuwapa barua mbaya. Nendeni kwenye chama chenyewe, kinachokaribiana na chenu kwa idadi ya wanachama, na mkifika mtafuteni karani, si mwenyekiti. Mwenyekiti atautetea uamuzi wake. Karani ndiye anayebaki ofisini usiku. Msimuulize kama mfumo ni mzuri, kwa sababu atajibu kwa adabu kwamba ni mzuri. Muulizeni hesabu za mwezi uliopita zilifungwa tarehe ngapi. Muulizeni kama bado anaandika leja ya karatasi pembeni. Miezi miwili mitatu ya kuandika kote kuwili ni busara, lakini anayefanya hivyo baada ya mwaka hauamini mfumo. Muulizeni mara ya mwisho ulipogoma ilichukua siku ngapi kupata fundi, na walilipia kitu gani ambacho hakikuwemo kwenye profoma. Kisha tafuteni kwa njia zenu chama kimoja kilichouacha mfumo huo. Muuzaji hatawapa jina lake, lakini ndicho kitakachowaambia mengi zaidi.

Bei nayo isemwe yote. Nitatoa mfano wa tarakimu za kubuni ili mwone namna ya kujumlisha. Muuzaji anasema mfumo ni 1,000,000. Mkiomba mchanganuo mnakuta hiyo ni leseni ya watumiaji watatu, nanyi mko watano. Kila wa ziada ni 100,000, basi ongezeni 200,000. Kuhamisha kumbukumbu za zamani ni 300,000. Mafunzo ni 150,000. Matengenezo ni asilimia 20 ya leseni ya kwanza kila mwaka kuanzia mwaka wa pili, yaani 200,000 mara nne, 800,000. Ujumbe mfupi kwa wanachama 400, mara mbili kwa mwezi, ni jumbe 48,000 kwa miaka mitano. Kila mmoja ukiwa 10, ni 480,000. Jumla ni 2,930,000. Bei iliyotajwa kikaoni ilikuwa theluthi moja tu, na hapo hatujauliza kama kodi imo ndani.

Mstari unaosahaulika zaidi ni ule wa kuhamisha kumbukumbu. Uliza unahusu nini hasa: ni salio la leo tu, au historia yote ya miamala? Nani ataingiza, na nani atahakiki? Wengi hulipia wakidhani ni historia, wakaletewa salio peke yake, kisha mwanachama anapobisha makato ya mwaka juzi hakuna pa kutazama.

Mengine nayataja tu. Nakala ya akiba ya kumbukumbu itunzwe nje ya ofisi, na mwone ikirejeshwa, si kuambiwa tu kwamba ipo. Mkataba useme kumbukumbu ni mali ya chama, na kwamba mtaweza kuzitoa zote kwa faili la CSV, linaloweza kusomwa na mifumo mingine, siku mtakayoondoka, bila malipo. Muda wa kuitikia tatizo uandikwe kwa saa.

Muuzaji akikataa moja ya yale matatu ya barua yenu, muulizeni sababu kwa maandishi na mwiteni mwingine. Akikubali na mkaridhika, msilipe kwa mkupuo. Sehemu ya kwanza ilipwe mfumo ukishafungwa, ya pili kumbukumbu zikishahamishwa na kuhakikiwa, na ya mwisho, isiyopungua robo, ibaki mikononi mwenu hadi mfumo ufunge hesabu za miezi miwili mfululizo, na urari wake ulingane na leja ya karatasi hadi senti ya mwisho.

Ni mimi mzee wenu.